Bei ya Jumla Ikishuka: Ununue Mifuko Mingapi?

Katika maduka ya jumla yaliyo karibu na soko la Kongowea, mfuko mmoja wa mchele huwa na bei zaidi ya moja. Anayechukua mifuko michache hulipa bei ya kawaida. Akifikisha idadi fulani bei hushuka kidogo, na akipanda hadi idadi kubwa zaidi hushuka tena. Mwenye duka la rejareja wa Kisauni, Likoni au Changamwe hulikuta swali hilo kila anapokwenda kuongeza mali: "Mama, ukichukua sitini nakutolea hamsini kila mfuko. Tupakie?"

Wengi hujibu kwa kuangalia pesa zilizo mkononi. Zikitosha, wanapakia. Lakini punguzo hilo linaweza kukuingizia maelfu kwa mwaka au kukutoa maelfu, na tofauti haionekani kwenye risiti. Huonekana katika hesabu ya mwaka mzima, ambayo mtu aliyefika darasa la nane ataifanya kwa simu yake katika muda wa dakika kumi. Makala haya yanaifuata hesabu hiyo kwa duka moja la mfano lililoko Mlaleo, Kisauni. Bei na gharama zote tulizotumia ni za mfano, kwa hivyo weka zako mahali pake.

Duka letu huuza mifuko 40 ya mchele wa kilo 25 kwa mwezi, yaani 480 kwa mwaka. Wateja hununua kwa kilo na kwa nusu kilo, na mauzo hayapandi wala kushuka sana. Mfuko mmoja kwa bei ya jumla ni Sh3,000.

Kabla ya kuligusa punguzo, mwenye duka anahitaji kujua gharama mbili ambazo haziandikwi popote.

Ya kwanza ni gharama ya safari. Kila anapoagiza kuna pesa zinazotoka, ziwe za mifuko 10 au 100: nauli ya kwenda Kongowea, kukodi kenta ndogo ya kurudisha mzigo, na asubuhi ambayo duka limefungwa au limeachiwa kijana wa kulipwa. Tuseme zote ni Sh1,500 kwa safari. Malipo ya hamali hayaingii hapa, kwa sababu hamali hulipwa kwa kila mfuko. Hayo yajumlishe kwenye bei ya mfuko wenyewe.

Ya pili ni gharama ya kukaa na mali, na hii ndiyo watu huisahau. Mfuko uliolala stoo ni pesa iliyolala. Kama pesa hiyo ni ya mkopo wa sacco wa asilimia 1 kwa mwezi, inakula asilimia 12 kwa mwaka. Kama ni yako mwenyewe bado ina gharama, kwa maana ungeweza kununulia sukari au mafuta yanayotoka haraka zaidi. Ongeza kodi ya chumba cha stoo. Ongeza pia hasara ya kawaida ya mwambao: fukusi, panya, mfuko uliopasuka, na unyevu wa msimu wa masika unaopanda kutoka sakafuni pale ambapo mifuko haikuwekwa juu ya uchaga. Kwa duka letu tumeweka asilimia 12 ya pesa, asilimia 8 ya chumba na asilimia 10 ya kuharibika, jumla asilimia 30 kwa mwaka. Mfuko wa Sh3,000 ukikaa stoo mwaka mzima ungegharimu Sh900, ambayo ni Sh75 kila mwezi.

Gharama hizi mbili huvutana. Ukiagiza kidogo kidogo, stoo haina mzigo lakini safari ni nyingi. Ukiagiza kwa wingi, safari zinapungua lakini mali inalala. Mahali fulani katikati pana idadi ambayo jumla ya gharama zote mbili ni ndogo kuliko mahali pengine popote. Mhandisi Mmarekani, Ford Whitman Harris, aliiandikia kanuni mwaka 1913 katika jarida la wenye viwanda. Yeye alikuwa akishughulikia vipuri vya kiwandani, lakini kanuni haijali ni kipuri au ni mchele:

Q = √(2 × D × S ÷ H)

Q ni idadi ya kuagiza kila safari, D ni mauzo ya mwaka mzima, S ni gharama ya safari moja, na H ni gharama ya kukaa na mfuko mmoja kwa mwaka. Alama ya √ ni kipeuo cha pili, na kikokotoo cha simu nyingi huionyesha ukiigeuza simu ilale upande. Kwa duka la Mlaleo, zidisha 2 kwa 480 kwa 1,500 upate 1,440,000. Gawanya kwa 900 upate 1,600. Kipeuo chake ni 40.

Basi mifuko 40 kwa safari moja, safari moja kila mwezi. Tuone gharama yake kwa mwaka. Mchele wenyewe ni 480 mara Sh3,000, yaani Sh1,440,000. Safari 12 ni Sh18,000. Stoo huwa na mifuko 40 siku mzigo unapofika na sifuri siku unapokwisha, kwa hivyo kwa wastani ina mifuko 20, na 20 mara Sh900 ni Sh18,000. Jumla ni Sh1,476,000. Angalia jinsi gharama ya safari na ya kukaa na mali zilivyolingana. Katika kanuni ya Harris hulingana daima, na hiyo ni njia nzuri ya kuhakikisha kwamba hukukosea.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu idadi hiyo ya 40 ambalo lina faida hapa. Hata ukiikosa kidogo, huumii. Mwenye duka akichukua 50 badala ya 40, safari na stoo zitamgharimu Sh36,900 kwa mwaka badala ya Sh36,000. Ni Sh900 tu kwa mwaka mzima. Ni kama ufuo wa bahari maji yakitoka: karibu na wewe ardhi ni tambarare, unatembea bila kuhisi kina. Ukizidi kwenda mbali ndipo kina huanza kukushika. Kumbuka picha hiyo tunapofika kwenye punguzo.

Sasa muuzaji wa jumla anaweka ngazi za bei. Mifuko 1 hadi 59, Sh3,000 kila mmoja. Kuanzia 60 hadi 119, Sh2,950. Kuanzia 120, Sh2,920. Bei mpya inashika mifuko yote ya agizo hilo. Ukichukua 60, yote 60 ni Sh2,950.

Hatuwezi tena kutumia kanuni peke yake, kwa sababu bei yenyewe inategemea idadi. Anza na bei ya chini kabisa. Kwa Sh2,920, gharama ya kukaa na mfuko ni asilimia 30 ya bei hiyo, Sh876, na kanuni inatoa mifuko 40 na ushei. Lakini bei hiyo hapewi mtu wa mifuko 40, sharti awe na 120. Jibu halifai. Jaribu Sh2,950: kanuni inatoa tena 40 na ushei, na sharti la bei hiyo ni 60. Halifai pia. Kwa Sh3,000 kanuni inatoa 40, na 40 iko ndani ya ngazi yake. Hili linakubalika.

Ukifika hapo usiseme kwamba jibu ni 40. Inabaki kulilinganisha na kila mlango wa ngazi iliyo juu yake, yaani idadi ndogo kabisa inayokupa bei hiyo. Hakuna sababu ya kununua 75 ili upate bei ya 60, kwa sababu mifuko 15 ya ziada inalala tu bila kukushushia bei. Kwa hivyo washindani ni watatu tu: 40, 60 na 120.

Kwa mifuko 60, mchele wa mwaka ni 480 mara Sh2,950, yaani Sh1,416,000. Safari ni 8, Sh12,000. Stoo ina wastani wa mifuko 30, na kila mmoja ni Sh885 kwa mwaka, jumla Sh26,550. Ukijumlisha yote unapata Sh1,454,550.

Kwa mifuko 120, mchele ni Sh1,401,600. Safari ni 4 tu, Sh6,000. Lakini stoo ina wastani wa mifuko 60, na 60 mara Sh876 ni Sh52,560. Jumla ni Sh1,460,160.

Mifuko 60 inashinda. Inamwokolea mwenye duka Sh21,450 kwa mwaka kulinganisha na 40, na ni nafuu kuliko 120 kwa Sh5,610. Ngazi ya kwanza ilikuwa karibu na 40, bado kwenye ufuo tambarare: kupanda hadi 60 kuliongeza gharama za safari na stoo kwa Sh2,550 tu, huku bei ikishuka kwa Sh24,000. Ngazi ya pili iko mbali. Kutoka 60 hadi 120 bei ya mwaka inashuka Sh14,400 zaidi, lakini safari na stoo zinapanda kwa Sh20,010. Bei ya chini kabisa kwenye kibao haikuwa gharama ya chini kabisa dukani.

Mpaka hapa tumekaa Kisauni, ambako Kongowea ni jirani. Mhamishe mwenye duka huyo hadi Mtongwe, upande wa Likoni, na usibadilishe chochote isipokuwa safari. Sasa kenta inalipa kivuko cha feri, inasubiri kwenye foleni au inazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na mwenye gari anatoza siku karibu nzima. Tuseme safari moja ni Sh3,000 badala ya Sh1,500.

Kanuni sasa inatoa kipeuo cha 3,200, karibu mifuko 57. Hata bila punguzo lolote, duka la Mtongwe lilipaswa kuagiza zaidi kuliko la Mlaleo, na ngazi ya 60 iko mlangoni pake. Kwake kukataa punguzo la 60 ni kutupa pesa, kama Sh24,000 kwa mwaka. Na mifuko 120? Kwa 60 gharama yake yote ya mwaka ni Sh1,466,550, na kwa 120 ni Sh1,466,160. Tofauti ni Sh390 kwa mwaka mzima. Kwa maoni yetu, Sh390 hazitoshi kumfanya mtu ajaze chumba kwa mchele wa miezi mitatu, lakini mwenye stoo kavu na pesa zisizo na kazi nyingine hatakuwa amekosea. Mwenye duka la Changamwe atakuwa mahali fulani kati ya hawa wawili, kulingana na anachotozwa kuvuka Nyali na Makupa. Ndiyo sababu kuiga idadi ya jirani ni kubahatisha. Jirani wa mtaa mmoja sawa, lakini wa ng'ambo ya maji ana hesabu nyingine.

Kuna swali ambalo kila mnunuzi anapaswa kumuuliza muuzaji wa jumla kabla ya kupakia: bei mpya inashika mifuko yote, au ile inayozidi tu?

Tumechukulia kwamba inashika yote. Lakini wapo wauzaji ambao mifuko 60 ya kwanza huibakiza kwenye Sh3,000, na Sh2,950 huanza mfuko wa 61, kisha Sh2,920 mfuko wa 121. Namba kwenye kibao zinafanana kabisa na zile za kwanza, ila sasa mwenye mifuko 60 hana punguzo hata la shilingi moja. Ili afaidi lazima apite 60, na faida yake imo kwenye mifuko ya mwisho pekee.

Hesabu ya aina hii huenda hivi. Ile Sh50 ya ziada unayoilipa kwenye kila mmoja wa mifuko 60 ya kwanza, jumla Sh3,000, unailipa kila unapoagiza, kama nauli ya pili. Kwa hivyo kwa ngazi ya Sh2,950 gharama ya safari inakuwa Sh1,500 na Sh3,000, yaani Sh4,500. Weka hiyo kwenye kanuni, pamoja na gharama ya stoo ya Sh885, nayo inatoa karibu mifuko 70. Iko ndani ya ngazi yake, inakubalika. Lakini ukichukua 70, mifuko 60 ni Sh180,000 na 10 ni Sh29,500, hivyo wastani wa bei ni karibu Sh2,993 kwa mfuko. Bei imeshuka kwa Sh7 tu. Gharama yote ya mwaka kwa duka la Mlaleo inafika karibu Sh1,478,280, ambayo imezidi ile ya kuchukua 40 bila punguzo kwa zaidi ya Sh2,000. Akijikaza achukue 120, wastani wa bei unashuka hadi Sh2,975, lakini stoo inamla na jumla inapanda hadi Sh1,487,550.

Kwa punguzo la aina hii, basi, mwenye duka la Mlaleo abaki na 40 na amshukuru muuzaji. Kibao kilekile, namba zilezile, na jibu limegeuka kabisa kwa sababu ya neno moja. Muuzaji akikujibu kwa mzunguko, mwambie akuandikie jumla ya pesa za mifuko 60. Ikiwa ni Sh177,000, bei inashika yote. Ikiwa ni Sh180,000, haishiki.

Tuzungumzie sasa pesa zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo maduka mengi huumia. Mifuko 40 inahitaji Sh120,000 siku ya kununua, na 60 inahitaji Sh177,000. Zile Sh57,000 za katikati zinatoka wapi? Asilimia 12 tuliyoiweka ni ya mkopo wa bei nafuu. Tuseme mwenye duka hana sacco, na mzigo wake wote anaununua kwa mkopo wa simu unaotoza asilimia 8 kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 96 kwa mwaka, hata kabla ya kuhesabu chumba na fukusi.

Kwa asilimia 96, mifuko 60 kwa Sh2,950 inamgharimu Sh1,512,960 kwa mwaka. Akichukua mifuko 20 tu kila baada ya nusu mwezi, kwa bei kamili ya Sh3,000 na safari 24, anatumia Sh1,504,800. Anayekataa punguzo na kulipa nauli mara mbili kwa mwezi amemshinda aliyelipokea kwa Sh8,160. Kwa duka hili, mpaka uko karibu na asilimia 80 kwa mwaka, yaani kama asilimia 6 na nusu kwa mwezi, ukijumlisha pesa, chumba na hasara pamoja. Chini ya hapo punguzo la 60 linafaa. Juu ya hapo linamfaidi anayekukopesha. Na kama mkopo wenyewe hutoza ada ya mwezi mzima kwa pesa yote, hata kama umeshauza nusu ya mchele na ungeweza kurudisha nusu ya deni, hali ni mbaya kuliko hesabu hii inavyoonyesha.

Usisahau mizani. Punguzo la Sh50 kwenye mfuko wa Sh3,000 ni chini ya asilimia 2. Mfuko ulioandikwa kilo 25 ukiwa na kilo 24 na nusu, umepungukiwa mchele wa takriban Sh60. Punguzo lote limekwenda na zaidi. Unapochukua mifuko mingi kwa mara moja, chagua mitano au sita kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, hasa ile ya chini na ya nyuma, uipime kabla haijapanda kwenye kenta.

Kanuni hii pia inachukulia kwamba mauzo ni yaleyale mwezi hadi mwezi. Sivyo yalivyo kwetu mwezi wa Ramadhani na siku za kuelekea Idd, au shule zinapofunguliwa. Wakati huo unaongeza mali kwa sababu wateja wameongezeka. Ile ni hesabu nyingine, usiichanganye na ya punguzo. Ukichukua 120 kabla ya Ramadhani na yote ikatoka, si ushahidi kwamba 120 inafaa miezi ya kawaida. Kinyume chake, anayeshika mchele wa miezi mitatu amejifunga na bei ya siku aliyonunua. Meli ikishusha mchele wa bei nafuu zaidi bandarini wiki tatu baadaye, majirani watauza chini yake naye bado ana mifuko tisini na ushei.

Utajuaje kwamba unanunua kupita kiasi? Andika tarehe ya kufika kwa kalamu nzito kwenye kila mfuko. Mzigo mpya ukifika na bado kuna mifuko ya tarehe ya zamani inayozidi mauzo ya siku chache, idadi yako ni kubwa, au unaagiza mapema mno. Dalili nyingine iko kwenye rafu: stoo imejaa mchele, lakini mteja anaomba sukari na unamwambia arudi Jumatatu. Pesa ya sukari imelala ndani ya mchele. Hasara ya mteja huyo haimo kwenye asilimia 30 tuliyoiweka, na ikitokea mara kwa mara, ipandishe asilimia hiyo na urudie hesabu.

Bado kuna njia moja ya kuipata bei ya 120 bila kulala na mifuko 120, nayo ni kununua pamoja. Maduka matatu ya Mlaleo na Mtopanga yakiagiza siku moja, kila duka mifuko 40, agizo ni la 120 na bei ni Sh2,920. Kila mmoja anatoa Sh116,800, ambazo ni chache kuliko alizokuwa akitoa akinunua 40 peke yake. Hata tukisema kila mmoja bado anatumia Sh1,500 za safari kwa sababu kenta itasimama mara tatu, mwaka wake unakuwa hivi: mchele Sh1,401,600, safari Sh18,000, stoo Sh17,520. Jumla ni Sh1,437,120. Ameokoa Sh38,880 kulinganisha na kununua 40 peke yake, na Sh17,430 kulinganisha na 60 peke yake, wala chumba chake hakikujaa zaidi ya kawaida.

Mpango huu huvunjika kwa njia zinazojulikana. Mmoja hafikishi pesa siku ya kwenda, agizo linashuka hadi 80, na wawili waliobaki wanapata Sh2,950 badala ya Sh2,920. Si janga, kwa kuwa bado wako juu ya ngazi ya kwanza, lakini waliambiwa bei nyingine. Kwa hivyo pesa zikusanywe jioni ya kabla ya safari na si asubuhi ya safari. Mkubaliane aina ya mchele mapema, kwa sababu anayeuzia mama lishe hataki ule ule wa anayeuzia majumbani, na muuzaji anaweza kukataa kuhesabu aina mbili kama agizo moja. Risiti iandikwe kwa jina la mmoja, na wengine wawili wabaki na nakala yenye idadi yao, kwa sababu mfuko uliolowa au uliopungua uzito hurudishwa na mwenye risiti. Na kenta ianze kushusha kwa yule aliye mbali na barabara, ili mzigo wa mwisho usishushwe giza limeingia.